Shajara ya mradi: kutafsiri ripoti ya udongo wa bweni

4 Juni 2024: Kazi yenyewe

Leo nimekabidhiwa ripoti ya uchunguzi wa udongo yenye kurasa 46, iliyoandikwa kwa Kiingereza na mhandisi wa udongo, kwa ajili ya bweni la ghorofa moja litakalojengwa katika shule ya sekondari mkoani Dodoma. Ujenzi utaendeshwa kwa fosi akaunti, maana yake ni kwamba kamati ya shule yenyewe ndiyo itakayonunua vifaa na kuwaajiri mafundi. Wajumbe wa kamati wanasoma Kiswahili, na fundi mkuu, mwenye miaka mingi kazini, husoma michoro vizuri lakini maandishi marefu ya Kiingereza humchosha. Wameomba tafsiri ambayo wataweza kuifuata mashimo ya msingi yakiwa wazi mbele yao.

Malipo ni shilingi 15,000 kwa ukurasa, yaani shilingi 690,000 kwa kazi nzima, na nimekadiria saa 35. Shajara hii naiandika kwa ajili ya mfasiri mwingine atakayepewa ripoti ya aina hii, ili asirudie makosa yangu.

Kwa ufupi, ripoti inasema kwamba eneo limefunikwa na udongo mweusi wa mbuga hadi kina cha wastani wa mita 1.2. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, kwa hiyo haufai kubeba msingi. Chini yake kuna mfinyanzi wa rangi ya kahawia iliyokoza, na chini zaidi mwamba wa matale uliooza. Katika shimo la tatu, lililo karibu na korongo, hali ni tofauti, nami nitaieleza nikifika huko.

9 Juni 2024: Majina ya udongo

Sehemu ya maelezo ya mashimo niliitafsiri kwa siku mbili nikidhani ni nyepesi kuliko zote. Nilipoirudia jana usiku niligundua kosa ambalo lingeharibu kila ukurasa uliofuata.

Wahandisi wanaofuata utaratibu wa Kiingereza huandika aina kuu ya udongo kwa herufi kubwa, kisha hutanguliza sifa zake kwa herufi ndogo. Aina kuu huja mwishoni. Mimi nilifuata mpangilio wa maneno jinsi ulivyokuwa, nikaandika "mchanga wa mfinyanzi" mahali ambapo mhandisi alimaanisha mfinyanzi uliochanganyika na mchanga. Katika Kiswahili jina kuu hutangulia, kwa hiyo msomaji wangu angeelewa kwamba ule ni mchanga. Tofauti yake si ndogo hata kidogo: mchanga hupitisha maji upesi, na mzigo ukiuelemea hutulia mara moja, ilhali mfinyanzi hushika maji na huendelea kushuka kwa muda mrefu. Nimerekebisha mahali 31. Kanuni niliyojiwekea ni kutafuta kwanza neno la herufi kubwa, kulitafsiri, ndipo nirudi nyuma kuchukua sifa.

Kosa la pili lilitokana na shule. Tulifundishwa kwamba udongo ni kichanga, tifutifu na mfinyanzi, na mimi niliwapa chembe zilizo kati ya mchanga na mfinyanzi jina la tifutifu. Lakini tifutifu ni neno la mkulima, nalo hutaja mchanganyiko unaofaa kulimwa. Mhandisi anazungumzia ukubwa wa chembe peke yake, kati ya milimita 0.002 na 0.06. Nimechagua kuandika "mashapo laini", na kwenye faharasa nimeeleza kwamba ukiyasugua kati ya vidole huhisi kama unga wenye ukavu kidogo, na hayanati kama mfinyanzi.

Mwamba nao ulinipa shida mpaka nilipomsikiliza fundi. Nilikuwa nimeandika "mwamba ulioathiriwa na hali ya hewa", maneno mengi ambayo hayamwonyeshi mtu chochote. Mafundi wa hapa husema "mwamba uliooza", na ndivyo ulivyo hasa: jiwe lililolegea kiasi cha kumeguka kwa sururu. Hali kadhalika, mahali ambapo ripoti inaeleza kwamba kifaa cha kupima kwa kugonga hakikuendelea kushuka, nilikuwa nimeandika kwamba udongo "ulikataa". Sasa nimeandika kwamba kifaa kiligoma, nikaongeza kipimo chake: mapigo 50 yamepigwa na kifaa bado hakijamaliza sentimita 30 zinazotakiwa.

15 Juni 2024: Uwezo wa udongo kubeba mzigo

Hiki ndicho kiini cha ripoti, na hapa ndipo nilipofanya kosa la hatari kuliko yote.

Ripoti inatoa tarakimu tatu kwa mfinyanzi ulio kwenye kina cha mita 1.5. Ya kwanza ni kilopaskali 390, mzigo ambao ukifikiwa udongo unavunjika na kusukumwa pembeni, na jengo linazama au kuinama. Ya pili ni 130, inayopatikana kwa kugawa ile ya kwanza kwa 3, kigawanyo cha usalama ambacho ni cha kawaida kwa misingi ya aina hii. Ya tatu ni 100, iliyoshushwa zaidi kwa sababu mhandisi hataki msingi utitie zaidi ya milimita 25. Tarakimu ya kujengea ni hiyo ya tatu peke yake.

Mimi niliiita ya kwanza "uwezo wa juu kabisa wa udongo". Kilugha sentensi haikuwa na kasoro. Nilimpelekea mwenyekiti wa kamati ukurasa huo ausome kwanza, naye alinipigia simu jioni akiwa na furaha.

"Mwalimu, kumbe udongo wetu ni mzuri," alisema. "Kiwango cha juu ni 390. Si tunaweza kupunguza besi za nguzo, tuokoe saruji?"

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu nilielewa papo hapo kwamba kosa lilikuwa langu. Katika Kiswahili cha kila siku, kiwango cha juu ni kile unachoruhusiwa kufika. Kiwango cha juu cha mkopo ni kiasi unachoweza kukopa, na idadi ya juu ya abiria ni watu wanaoweza kupanda. Mwenyekiti alisoma kama msomaji yeyote mwenye akili timamu angalivyosoma.

Nilimfanyia hesabu hapo hapo. Nguzo moja ya kati inabeba kilonyutoni 400. Ukigawa kwa 100 unapata mita za mraba 4, yaani besi ya mita 2 kwa mita 2. Ukigawa kwa 390 unapata takriban mita ya mraba moja tu. Besi hiyo ndogo ingetumia robo ya eneo, na ingeuweka udongo kwenye ukingo wenyewe wa kuvunjika, bila akiba yoyote kwa ajili ya mvua, mahali palipo dhaifu kuliko sampuli, au mzigo uliokadiriwa vibaya.

Majina niliyoyaweka sasa ni "mzigo wa kuvunja udongo" kwa 390, "mzigo wa kuvunja uliogawanywa kwa usalama" kwa 130, na "mzigo unaoruhusiwa" kwa 100. La kwanza linatisha, na linapaswa kutisha. Nilimwuliza mhandisi kwa simu kama jina hilo linapotosha, akasema halipotoshi, ila akaniomba nisiache neno "halisi" katika fasili, kwa kuwa tarakimu zote tatu zimeshatolewa uzito wa udongo uliokuwepo kabla ya kuchimba. Nimeliweka.

Vipimo vya kilopaskali nimeviacha kama vilivyo, lakini mara ya kwanza kila kimoja kinapotokea nimekiwekea sawa yake: kilopaskali 100 ni karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba. Fundi huifikiria tani haraka kuliko kilopaskali.

22 Juni 2024: Kushindilia si kukamua

Ripoti ina sura mbili ambazo nilizitafsiri kwa kitenzi kimoja, kugandamiza, na hilo lilizua mkanganyiko ambao sikuutarajia.

Sura ya kwanza inahusu moramu itakayojazwa chini ya jamvi. Hiyo hushindiliwa kwa mashine, na kinachotolewa ndani yake ni hewa. Kazi huisha siku hiyo hiyo. Sura ya pili inahusu shimo la tatu karibu na korongo, ambako kati ya mita 1.6 na mita 3.0 kuna mfinyanzi mlaini uliolowa kabisa. Jengo likiuelemea, maji hukamuliwa polepole kutoka katikati ya chembe zake, na tabaka hupungua unene kwa miezi au miaka. Hakuna mashine ya kulifanya hilo kwa siku moja, kwa sababu maji hayapati njia ya kutoka upesi ndani ya mfinyanzi.

Mjumbe mmoja wa kamati, mama aliyewahi kusimamia ujenzi wa zahanati, alisoma sura zote mbili na kuandika pembeni kwa penseli: "Kama udongo wa korongoni utagandamizwa na jengo, kwa nini tusiulete mtambo tuugandamize wenyewe kabla ya kujenga?" Swali lake ni sahihi kabisa kwa mujibu wa maneno niliyompa. Nililifuta neno hilo katika sura zote mbili. Ya kwanza sasa ni "kushindilia", neno la mafundi wenyewe. Kwa ya pili nimetunga "mkamuo wa udongo", na nikaeleza kwa sentensi mbili kinachokamuliwa na muda kinaochukua. Kushuka kwa jengo kunakotokana nao nimekuita "kutitia". Mapendekezo ya mhandisi kwa upande huo yakawa wazi mara moja: bweni lisogezwe mita 9 mbali na korongo, na shimo la tatu libaki nje ya alama za jengo.

Kosa kubwa la sura ya kushindilia, hata hivyo, lilikuwa mahali pengine. Jaribio la maabara lilifuata njia iliyotokana na kazi ya mhandisi Proctor wa Kalifornia, aliyoichapisha mwaka 1933. Moramu hupigwa kwa nyundo ya kilo 2.5 inayoangushwa kutoka milimita 300, mapigo 27 kwa kila tabaka, katika tabaka tatu. Zoezi hurudiwa kwa viwango tofauti vya maji, na majibu huchorwa kama kilima. Kilele cha kilima hicho ndicho msongamano mkubwa kuliko wote, nacho hupimwa kwa uzito wa chembe kavu tu, bila maji.

Mimi niliandika "msongamano wa juu wa udongo mkavu". Fundi mkuu alipoisoma rasimu alifanya jambo la busara kulingana na maneno hayo: aliagiza moramu ya majaribio ianikwe juani kwa siku mbili kabla ya kushindiliwa. Nilimkuta akiichota kwa koleo, vumbi jekundu limemfunika hadi kwenye nyusi. Alinionyesha jinsi kompakta inavyoruka juu yake bila kuishika, na akasema, "Mwalimu, hii ripoti yako inasema mkavu, lakini kazi inasema tofauti."

Kazi ndiyo iliyosema kweli. Moramu hii hushindilika vizuri kuliko wakati wowote ikiwa na maji asilimia 13 ya uzito wake mkavu, yaani lita 13 kwa kila kilo 100. Iliyoanikwa ilikuwa imebaki na asilimia 5 hivi, kwa hiyo ilihitaji lita 8 zaidi. Ukavu haupo kwenye kazi, upo kwenye hesabu tu. Sentensi niliyoiandika upya ni hii: "Moramu ishindiliwe ikiwa na maji yanayokaribia asilimia 13, baada ya hapo, uzito wa maji uondolewe katika hesabu ili kupata msongamano wa chembe kavu." Nikaongeza kipimo cha mkononi ambacho fundi alikijua tayari: finyanga donge kwa kiganja, likishikamana na likivunjika vipande vichache badala ya kutawanyika au kuchuruzika, maji yametosha.

Asilimia 95 ambayo ripoti inataka ifikiwe nayo ilihitaji kuandikwa kwa ukamilifu. "Ishindiliwe kwa asilimia 95" haimwambii mtu ni asilimia 95 ya nini. Nimeweka mfano kamili: shimo dogo likichimbwa kwenye tabaka lililoshindiliwa na ujazo wake kupimwa kwa mchanga maalumu, tuseme msongamano pamoja na maji ni 1.98 na maji ni asilimia 14. Kavu yake ni:

```
1.98 / 1.14 = 1.737
1.737 / 1.82 = 0.954
```

Tarakimu 1.82 ni kilele cha maabara, zote zikiwa tani kwa mita ya ujazo. Jibu ni asilimia 95.4, na tabaka limepita. Mtu akisahau kuondoa maji atagawa 1.98 kwa 1.82 na kupata karibu asilimia 109. Nimeandika chini ya mfano kwamba jibu linalozidi 105 lisipokelewe kabla ya kuangalia kama maji yalitolewa.

29 Juni 2024: Chini ya ardhi ipi?

Pendekezo kuu la msingi lina mistari mitatu tu, na nililitafsiri asubuhi moja: msingi uchimbwe mita 1.5 "chini ya usawa wa ardhi". Mchana nikauweka ukurasa huo kando ya mchoro wa eneo, nikaona kwamba ardhi ni mteremko na itasawazishwa. Upande wa juu utakatwa mita 0.7, na upande wa chini utajazwa mita 0.6.

Mhandisi alikuwa ametaja ardhi iliyopo sasa, kabla ya kukata au kujaza chochote. Kiswahili changu kiliacha neno hilo. Fundi akipima mita 1.5 kutoka kwenye ardhi iliyokwisha kujazwa, upande wa chini atafika mita 0.9 tu chini ya ardhi ya asili, na hapo bado yumo ndani ya udongo wa mbuga unaoishia mita 1.2. Msingi huo utainuliwa kila masika na kushushwa kila kiangazi. Upande wa juu, kinyume chake, atachimba mita 2.2 kutoka ardhi ya asili na kupoteza fedha bila faida. Mafundi wangechimba kwa nidhamu yote, na jengo lingepasuka, kwa neno moja lililoachwa mezani kwangu.

Sasa imeandikwa: "mita 1.5 chini ya ardhi ya asili ilivyokuwa siku ya uchunguzi, na angalau mita 0.3 ndani ya mfinyanzi wa kahawia". Sehemu ya pili ilikuwa katika maelezo ya mhandisi kwenye ukurasa mwingine; nimeomba ruhusa yake kuisogeza hapo, na ameniandikia kukubali. Nisingeisogeza bila barua hiyo, kwa maana ripoti ni yake na ndiye atakayeulizwa.

Siku hii pia nilipitia upya vitenzi vya amri. Nilikuwa nimetumia "inapaswa" kwa kila kitu. Katika ripoti kuna mambo ambayo ni lazima, mambo yanayoshauriwa, na mambo ambayo mjenzi anaweza kuyachagua. Nimeyatenga: "lazima" kwa kina cha msingi na kuondolewa kwa mbuga chini ya jamvi, "inashauriwa" kwa njia ya maji ya mvua yenye upana wa mita 1 kuzunguka jengo, na "inaweza" kwa uchaguzi wa mawe au tofali za saruji. Kwa jumla yametokea mahali 54.

6 Julai 2024: Shimoni

Nilikwenda eneo la kazi nikiwa na rasimu ya pili. Shimo la kwanza lilikuwa wazi, na fundi mkuu alishuka nami. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu daraja za ugumu, kwa kuwa ripoti ina daraja tano za mfinyanzi na mimi nilikuwa na "mlaini", "mgumu" na "mgumu sana" tu.

Fundi alisimama akitazama ukuta wa shimo, ambako weusi wa mbuga unakatika na ukahawia unaanza, mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Nilimwomba abonyeze kwa kidole gumba juu na chini ya mstari huo. Juu, karibu na mahali mfereji wa maji ulipovuja, gumba liliingia hadi kwenye ukucha. Chini, gumba liliacha alama hafifu tu. Kisha akajaribu kwa ukucha mahali palipo chini zaidi, ukucha ukaacha mkwaruzo, gumba halikuacha kitu. Hizo ndizo daraja za mhandisi, na ndivyo nilivyoziandika katika faharasa: kidole huingia kwa urahisi, gumba huacha alama kwa urahisi, gumba huacha alama hafifu, ukucha peke yake huacha alama, ukucha hukwaruza tu. Pendekezo la msingi sasa linasema msingi ukae mahali ambapo gumba linaacha alama hafifu au pungufu ya hapo, na kwamba shimo likipata mvua kabla ya zege, sehemu iliyolainika iondolewe na kipimo kirudiwe.

20 Julai 2024: Rasimu ya tatu, na hesabu

Rasimu ya tatu imepokelewa na kamati, na mhandisi ametia saini ukurasa unaosema kwamba tafsiri imepitiwa naye na kwamba, pakitokea tofauti, maandishi ya Kiingereza ndiyo yatakayofuatwa. Saa zimefika 68, karibu mara mbili ya nilivyokadiria, na katika hizo 20 zilikwenda kurekebisha makosa niliyoyaeleza hapa. Nauli za kwenda shuleni mara tatu na uchapaji wa nakala sita vimenigharimu shilingi 74,000 ambazo sikuzipangia bajeti. Kazi ijayo nitatoza nusu ya malipo kwa ukurasa na nusu kwa saa za uhakiki, na nitaomba mchoro wa eneo siku ya kwanza.

Kurasa 11 za karatasi za maabara sikuzitafsiri. Ni majedwali ya tarakimu ambayo mafundi hawatayatumia, na kuyaandika upya kungeongeza uwezekano wa kukosea namba. Nimeambatanisha ukurasa mmoja wa ufunguo unaoeleza kila safu ni ya nini. Faharasa ina maneno 83, na nakala yake imebandikwa ukutani kwenye stoo ya saruji, ambako fundi mkuu ameshaongeza la 84 kwa kalamu yake: "kibanda cha mchwa", kwa kuwa kwenye kona ya kaskazini wamekuta kimoja kilichoshuka hadi mita 2, na ripoti haikukitaja. Mhandisi ataitwa Jumatatu kukiangalia.